Gharama za Afya Katika Mpango wa Uhuru wa Kifedha: Jinsi ya Kupanga Bima na Akiba ya Ugonjwa Mkubwa

Mipango mingi ya kuacha ajira mapema inakosea sehemu moja. Mtu anajumlisha chakula, nyumba, usafiri na karo, anazidisha kwa 25 ili apate kiasi cha uwekezaji kitakachomlisha bila ajira, kisha anatenga fungu moja nono aliloliita "dharura ya ugonjwa". Anajiona amemaliza suala la afya. Miaka michache baadaye ada ya bima imepanda, dawa za kila mwezi zimeongezeka, na lile fungu la dharura linaliwa kidogo kidogo na gharama za kawaida kabla hata ugonjwa mkubwa haujabisha hodi.

Mwongozo huu unatenganisha mambo matatu yanayochanganywa: gharama za afya za kila mwaka, bima, na akiba ya ugonjwa mkubwa. Kila moja ina hesabu yake.

Ili hesabu zimfae yeyote, hatutumii sarafu. Matumizi yote ya nyumba kwa mwaka, ukiondoa afya, tutayaita vipande 100. Kama nyumba yako inatumia milioni 12 kwa mwaka, kipande kimoja ni laki moja na ishirini.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Mkataba kamili wa bima, pamoja na jedwali la mafao. Kipeperushi cha matangazo hakitoshi.
- Hati ya mshahara ya karibuni inayoonyesha mwajiri anachangia kiasi gani kwenye bima yako.
- Risiti za afya za miezi 24: dawa, meno, miwani, vipimo, na nauli za kwenda kutibiwa.
- Jedwali la ada za bima kwa kila kundi la umri, hadi miaka 70 au zaidi. Liombe kwa maandishi.
- Makadirio ya bei ya tiba moja kubwa kutoka hospitali mbili tofauti.
- Orodha ya magonjwa ya wazazi na ndugu wa damu: kisukari, shinikizo la damu, figo, saratani.

Ukikosa jedwali la ada kwa umri, usiendelee na hatua ya 2. Hapo ndipo wengi hubuni namba, na kosa lake ndilo kubwa kuliko yote.

## Hatua ya 1: Pata gharama halisi ya mwaka

Anza na ada ya bima ambayo wewe utalipa ukishaacha kazi. Ada inayokatwa sasa kwenye mshahara ni kipande tu cha bei kamili, kwa sababu mwajiri anabeba sehemu nyingine, na mara nyingi bei yenyewe ni ya kundi. Mtu binafsi akienda peke yake huuziwa kwa bei nyingine. Omba bei ya mtu binafsi na wategemezi wako, kwa umri utakaokuwa nao siku ya kuondoka.

Kisha jumlisha unayolipa mfukoni hata ukiwa na bima: sehemu unayochangia kila unapotibiwa, dawa zisizomo kwenye orodha, meno, miwani. Chukua risiti za miezi 24 na ugawe kwa mbili. Mwaka mmoja hautoshi, maana miwani na meno mara nyingi huruka mwaka.

Tuchukue mume na mke wenye umri wa miaka 45, wanaotaka kuacha ajira sasa na kupanga hadi miaka 85. Risiti zao zinaonyesha wanatumia vipande 3 tu kwa mwaka kwa afya. Lakini wanapouliza bei, bima ya kujilipia wenyewe ni vipande 9. Vipande 3 vya mfukoni vinakuwa 4, kwa sababu bima mpya inawataka wachangie zaidi kwenye dawa za presha za mume. Jumla ni 13.

Dalili kwamba umepatia: namba yako ni kubwa kuliko unayolipa leo. Ikiwa sawa au ndogo, na leo una mwajiri anayechangia, rudi kwenye hati ya mshahara.

## Hatua ya 2: Usiizidishe gharama ya afya kama chakula

Kuzidisha kwa 25 kunatokana na kanuni ya kutoa asilimia 4 ya uwekezaji kwa mwaka, iliyopendekezwa na William Bengen mwaka 1994. Aliipima kwa data za Marekani na kwa kustaafu kwa miaka 30. Kwa miaka 40 wapangaji waangalifu hushuka hadi karibu asilimia 3.5, yaani kuzidisha kwa 28 na nusu hivi. Tutatumia 28 kwa matumizi ya kawaida.

Kanuni hiyo inadhani matumizi yako yanapanda sawasawa na bei za kawaida. Afya haiendi hivyo, kwa sababu mbili zinazopandana. Ya kwanza ni umri: bima hukuhamisha kundi hadi kundi, na kila kundi lina ada ya juu zaidi. Ya pili ni kwamba bei za matibabu zenyewe huelekea kupanda haraka kuliko bei za sokoni.

Kwa wanandoa wetu, jedwali linasema ada ya vipande 9 leo ni vipande 15 kwa aliye na miaka 65, kwa bei za leo. Hiyo ni karibu asilimia 2.6 kwa mwaka kwa sababu ya umri peke yake. Ongeza asilimia 1.5 ya bei za matibabu kuzidi bei nyingine, unafika karibu asilimia 4 juu ya mfumuko wa bei.

Sasa, kama uwekezaji wao nao unakua kwa asilimia 4 juu ya mfumuko wa bei, mbio ni sare. Gharama inakua kwa kasi ileile ya fedha zilizotengwa kuilipa. Kwa hiyo kila mwaka ulioko mbele, wa kwanza na wa arobaini, unadai kiasi kilekile kutoka kwenye fedha za leo. Hesabu inakuwa nyepesi sana:

Gharama ya afya ya mwaka × idadi ya miaka iliyobaki.

Kwa wanandoa wetu ni 13 × 40 = 520. Wangezidisha kwa 28 wangepata 364, na pengo la vipande 156 lingejitokeza wakiwa na miaka sabini na kitu, wakati hawawezi tena kurudi kazini.

Jedwali lako likipanda kwa kasi zaidi, kwa mfano ada ikawa mara tatu kati ya miaka 45 na 70, kuzidisha kwa miaka hakutoshi. Hapo, kwa miaka 40, zidisha kwa 60.

Onyo: jedwali la leo haliifungi kampuni ya bima. Inaweza kulibadilisha mwaka ujao, ndiyo maana hesabu hii hurudiwa kila mwaka.

## Hatua ya 3: Soma bima ukitafuta matundu

Watu husoma mkataba wakitafuta kinacholipwa. Wewe soma ukitafuta kisicholipwa, na kila tundu uliandike kwa namba. Matundu yanayoumiza zaidi ni haya.

Ukomo mdogo ndani ya ukomo mkubwa. Ukurasa wa mbele unaweza kutaja ukomo wa mwaka mkubwa wa kutia moyo. Ndani ya jedwali la mafao, mistari michache chini, saratani, figo au magonjwa sugu vimepewa ukomo wao mdogo. Huo mdogo ndio utakaokuhusu ukiugua.

Chukua kusafisha damu kwa mgonjwa wa figo. Kwa kawaida hufanyika mara 3 kwa wiki, takriban saa 4 kila mara. Hiyo ni mara 156 kwa mwaka. Gawanya ukomo wa figo kwa bei ya mara moja. Ukipata 90, maana yake bima inakwisha mwishoni mwa mwezi wa saba, na miezi iliyobaki ni ya kwako.

Asilimia unayochangia. Asilimia 10 ya kumwona daktari ni kitu kidogo. Asilimia 10 ya upasuaji na tiba ya kemikali ni mzigo. Angalia kama mkataba unaweka kikomo cha mchango wako kwa mwaka. Kikiwepo, thamani yake ni kubwa kuliko mapambo mengi yanayosifiwa kwenye kipeperushi.

Kulipa kwanza, kurejeshewa baadaye. Baadhi ya bima humtaka mgonjwa alipe bili nzima kisha apeleke madai. Hilo halibadili gharama ya mwisho, lakini linabadili kabisa kiasi cha fedha taslimu unachohitaji siku ya kulazwa.

Umri wa kukoma. Tafuta sentensi inayosema mkataba unaweza kuhuishwa hadi umri gani, na kama kampuni ya bima inaruhusiwa kukataa kukuhuisha kwa sababu umeugua. Bima inayokuacha ukiwa na miaka 65 haijajibu swali la mpango wa hadi 85. Kama una haki ya kujiunga na mpango wa afya wa umma, jiunge mapema na uufanye msingi, kisha bima binafsi ijengwe juu yake.

Dalili kwamba umepatia: una karatasi moja yenye mistari isiyopungua mitano, kila mmoja una namba. Mstari unaosema tu "saratani: inalipwa" bado haujasomwa.

## Hatua ya 4: Pima akiba kwa matundu hayo

Hapa ndipo hofu huwafanya watu watupe namba kubwa hewani. Akiba ya ugonjwa mkubwa, kwa aliye na bima, inajaza matundu uliyoyaandika kwenye hatua ya 3. Kwa hiyo inapimika.

Chagua ugonjwa mmoja mzito unaoingia katika familia yako na uupitishe kwenye mkataba, mwezi kwa mwezi. Tuchukue saratani ya matiti kwa mke, iliyogunduliwa mwezi wa tisa wa mwaka wa bima. Mwezi huo ni muhimu, kwa sababu tiba itavuka mwaka. Upasuaji na mizunguko ya kwanza ya tiba ya kemikali, ambayo mara nyingi hutolewa kila baada ya wiki 3, vinaangukia mwaka wa kwanza. Mizunguko iliyobaki, mionzi, na pengine dawa maalumu ya sindano inayoweza kuchukua mwaka mzima, vinaangukia wa pili.

Bima yao inalipa asilimia 90 ya matibabu ya kulazwa na ya saratani, ukomo wa saratani ni vipande 80 kwa mwaka, na makadirio ya hospitali ni haya:

- Mwaka wa kwanza bili ni 60. Bima inalipa 54, wao 6.
- Mwaka wa pili bili ni 110. Asilimia 90 yake ni 99, lakini ukomo ni 80. Bima inalipa 80, wao 30.

Jumla ya tiba mfukoni ni 36. Angalia jinsi mwaka wa pili ulivyouma kuliko wa kwanza. Anayehesabu mwaka mmoja tu angeandika 6.

Halafu kuna gharama zisizofika kabisa kwenye bili ya hospitali: usafiri, malazi karibu na kituo cha mionzi, chakula maalumu, msaidizi wa nyumbani, mtu wa kumsindikiza. Mionzi hutolewa siku 5 kwa wiki, mara nyingi kwa wiki 3 hadi 6, na anayekaa mbali hawezi kwenda na kurudi kila siku. Kwa wanandoa hawa wameweka kipande 1 kwa mwezi kwa miezi 18, yaani 18.

Akiba yao ni 36 + 18 = 54. Hiyo ni matumizi ya nyumba ya takriban miezi sita na nusu. Kama mpango wako unategemea kazi ndogo ndogo baada ya kuacha ajira, ongeza kipato cha miezi hiyo 18, cha mgonjwa na nusu ya cha anayemuuguza.

Kwa familia ya watu wawili, akiba kamili ya mtu mmoja inatosha kuanzia, mradi upange kuijaza upya ndani ya miaka 3 baada ya kutumika. Kuweka mbili kamili kunachelewesha uhuru wenyewe kwa ajili ya tukio la wote wawili kuugua kwa pamoja, ambalo ni nadra.

## Hatua ya 5: Je, bima inalipa kazi yake?

Mwenye jicho kali ameshaona jambo. Ada ya vipande 9 kwa miaka 40 ni 360. Ugonjwa ule ule bila bima ungegharimu bili 170 na nyongeza 18, yaani 188. Kwa nini basi usijilipie?

Kwa sababu saratani ile ilikuwa na mwisho. Hatari inayovunja mpango ni ugonjwa usio na mwisho. Kusafisha damu kwa gharama ya, tuseme, vipande 40 kwa mwaka, kwa miaka 10, ni 400. Hakuna akiba unayoweza kuipima kwa kitu kisichojulikana kitakoma lini, na kuna watu wawili nyumbani. Bima inabeba sehemu isiyopimika, nawe unabaki na inayopimika.

Lakini hoja hiyo inakufundisha pia ununue nini. Tiba kubwa ya kulazwa na magonjwa sugu ndiyo ya kuhamishia bima. Matibabu madogo ya nje unaweza kuyabeba. Ukiwa na akiba tayari, omba bei ya bima inayokutaka ujilipie kiasi fulani kwanza kabla haijaanza kulipa, au isiyo na matibabu ya nje. Kama wanandoa wetu wangepata bima hiyo kwa 5, na gharama zao za mfukoni zikapanda kutoka 4 hadi 6, mwaka ungekuwa 11 badala ya 13. Vipande 2 kwa miaka 40 ni 80, zaidi ya akiba nzima. Fanya hivyo tu kama ukomo wa magonjwa makubwa haupungui.

Bima ya magonjwa makubwa inayotoa fedha taslimu kwa mkupuo ni nyongeza nzuri miaka ile ambayo akiba bado haijajaa. Isome kwa makini: hulipa magonjwa yaliyotajwa tu, mara nyingi huziacha saratani za hatua za awali, na mara nyingi humtaka mgonjwa awe hai siku 14 hadi 30 baada ya ugonjwa kuthibitishwa. Akiba ikijaa, unaweza kuiacha.

## Hatua ya 6: Vuka daraja kabla ya kuacha kazi

Bima nyingi za mtu binafsi zina kipindi cha kusubiri. Kwa magonjwa ya kawaida huwa kifupi, lakini kwa ugonjwa uliokuwa nao kabla ya kujiunga kinaweza kufika mwaka mmoja au zaidi. Anayekata bima ya kazini Ijumaa na kujiunga na nyingine Jumatatu ana kadi, ila kwa presha yake hana bima.

Jiunge na bima mpya ukiwa bado kazini, muda usiopungua kile kipindi kirefu zaidi cha kusubiri kilichoandikwa. Utalipa ada mara mbili kwa miezi hiyo. Liweke hilo kwenye bajeti ya kuondokea.

Kwenye fomu, taja kila kitu: dawa, vipimo, upasuaji wa zamani. Kuficha kisukari kunapunguza ada leo na kunaipa kampuni ya bima sababu halali ya kukataa madai ya figo miaka 6 baadaye. Kuna wanaofichiwa hata na wakala anayewajazia fomu, kwa hiyo jaza mwenyewe na ubaki na nakala.

Dalili kwamba umepatia: una barua inayosema kipindi cha kusubiri cha ugonjwa wako kimekwisha tarehe fulani, na tarehe hiyo iko kabla ya siku yako ya mwisho kazini.

## Hatua ya 7: Weka akiba mahali pake, kisha jumlisha

Akiba ya ugonjwa isikae kwenye hisa. Soko likiwa limeanguka theluthi moja wiki unayotakiwa kulipa upasuaji, vipande 54 ni 36. Gawa hivi: kiasi cha siku 60 za kwanza, yaani malipo ya awali ya hospitali na mchango wako, kikae kwenye akaunti unayoweza kutoa siku hiyohiyo. Kinachobaki kiwe kwenye amana au hati fungani za serikali zinazoiva ndani ya miezi 3 hadi 6. Bima ya kurejeshewa inahitaji fungu la kwanza liwe kubwa zaidi, lingane na bili nzima ya kulazwa mara moja.

Wanandoa wetu sasa wanajumlisha:

- Matumizi ya kawaida: 100 × 28 = 2,800
- Afya ya kila mwaka: 13 × 40 = 520
- Akiba ya ugonjwa mkubwa: 54
- Jumla: 3,374

Hesabu yao ya zamani ilikuwa 103 × 28 = 2,884. Pengo ni 490, na katika hilo akiba ya ugonjwa ni 54 tu. Lililobaki lote ni gharama ya kila mwaka waliyoidharau.

## Hatua ya 8: Rudia kila mwaka, mwezi mmoja kabla ya kuhuisha

Chukua jedwali jipya la mafao na uliweke kando ya la zamani. Linganisha mambo matatu: ada, ukomo wa magonjwa makubwa, na asilimia unayochangia. Mara nyingine ada inabaki palepale huku ukomo wa saratani ukishuka, na anayetazama ada peke yake hatagundua.

Bei ya tiba uliyoipima iulize upya kila baada ya miaka 2. Ikiwa imepanda na ukomo haujapanda, tundu limepanuka na akiba iongezwe kwa tofauti hiyo.

Mwisho, hakikisha mtu wa pili nyumbani anaweza kutoa ile akiba bila saini yako, na anajua kadi ya bima iko wapi na ni namba gani ya kupiga kuomba idhini ya kulazwa. Jaribuni siku moja mkiwa wazima: atoe kiasi kidogo mwenyewe, apige namba hiyo, na mwone kama inapokelewa usiku.